Simu imekataa kebo: uchukue ya mtengenezaji, yenye cheti cha MFi, au isiyo na cheti?

Usiku niliiacha simu ijisasishe ikiwa kwenye chaji. Asubuhi nikakuta betri ina asilimia 31, na katikati ya kioo kuna maneno haya: "This accessory may not be supported." Kwa lugha yetu ni kama simu inasema, "hiki ulichonichomeka huenda hakinifai." Kebo ilikuwa ileile niliyoitumia miezi minane, kichwa cha chaja kilekile, soketi ileile ukutani. Kilichobadilika ni programu ya simu tu, kwa hiyo nikahukumu palepale kwamba sasisho limeiua kebo yangu. Nusu ya hukumu ile ilikuwa sahihi. Nusu nyingine ilikuwa pamba ya mfukoni.

Ulinganisho huu ni kwa mwenye iPhone ya tundu la Lightning, yaani kuanzia iPhone 5 hadi iPhone 14, aliyeona ujumbe huo na sasa anajiuliza anunue kebo gani. Wenye iPhone 15 na kuendelea wanatumia USB-C, na huko neno "cheti" lina maana nyingine kabisa. Nitafika huko.

Machaguo ni matatu. La kwanza ni kebo ya Apple yenyewe. La pili ni kebo ya kampuni nyingine iliyo na cheti cha MFi, yaani idhini ya Apple kwa vifaa vya kampuni nyingine. La tatu ni kebo isiyo na cheti, ambayo wengi wetu tunayo kwenye droo. Nitazipima zote kwa vipimo vinne: inajibuje simu inapoiuliza, inakuwaje baada ya sasisho, inachaji na kuhamisha data kwa kasi gani, na unaitambuaje kabla hujaingia hasara.

Kwanza hakikisha mkosaji ni kebo

Ujumbe ule hautaji kosa. Unatokea kebo ikiwa haina cheti, lakini unatokea vilevile kebo halali ikiwa imeharibika, tundu likiwa chafu au kichwa cha chaja kikiwa na hitilafu. Mtu anaweza kununua kebo tatu mfululizo ilhali tatizo liko ndani ya simu.

Zima simu, washa tochi, chungulia tundu. Ukiona kitu cha kijivu kimegandamana mwisho kabisa, hiyo ni pamba ya nguo iliyosukumwa na kebo yenyewe kila ulipochomeka. Itoe polepole kwa kijiti cha meno cha mbao. Pini au sindano ya chuma usitumie, maana inakwangua viguso, na usipulize kwa mdomo kwa sababu unapeleka unyevu. Dalili ya tundu lililojaa ni kebo kutozama hadi mwisho: unabaki mwanya mwembamba kati ya shingo ya kebo na simu, na ukiigusa kidogo inayumba.

Kisha geuza kebo. Kichwa cha Lightning kina viguso pande zote mbili, lakini tundu la simu lina viguso upande mmoja tu. Kwa hiyo ukigeuza kebo, tundu ni lilelile ila umebadilisha uso wa kebo. Ikichaji upande mmoja na kukataa mwingine, shuku kebo. Mara nyingi utaona kiguso kimoja cha katikati kimekuwa cheusi, nacho ndicho kinachopitisha umeme. Ikikataa pande zote mbili, jaribu kichwa kingine cha chaja, zima na kuwasha simu, halafu jaribu kebo nyingine unayoiamini.

Kuna jumbe mbili ambazo watu huzichanganya na huu. "Unlock iPhone to use accessories" ni ulinzi uliokuja na iOS 11.4.1 mwaka 2018: simu ikikaa imefungwa zaidi ya saa moja, haikubali kuongea data na kitu kilichochomekwa mpaka uifungue. Na "Liquid Detected in Lightning Connector" maana yake tundu limelowa. Kwa hizo mbili, kununua kebo mpya ni kupoteza pesa.

Kwangu mimi, kebo ilikuwa haizami. Nilitoa pamba nusu ya punje ya mchele, nikachomeka, chaji ikaingia. Baada ya kama dakika kumi ujumbe ukarudi. Hapo ndipo nilipoazima simu ya mwenzangu, modeli ileile ila bado hajaisasisha, nikachomeka kebo yangu: ikachaji saa nzima bila neno. Kisha nikachukua kebo yake yenye cheti nikaiweka kwenye simu yangu, ikakesha nayo hadi asubuhi. Tundu langu lilikuwa chafu, sawa, lakini kebo yangu pia ilikuwa haina cheti, na programu mpya haikutaka kuivumilia. Matatizo mawili, ujumbe mmoja.

Inajibuje ikiulizwa

Lightning ilipotoka Septemba 2012 pamoja na iPhone 5, ilikuja na jambo ambalo kebo za kawaida hazikuwa nalo. Ndani ya kichwa chake kidogo, nyuma ya viguso vinane, kuna chipu. Ukichomeka, simu inauliza kwa kupitia kiguso kimoja: wewe nani, na kazi yako nini? Chipu inajibu kwa ujumbe mfupi unaoeleza kama hii ni kebo ya chaji, ya data, au kifaa kingine. Simu ikiridhika, inafungua njia ya umeme. Upande wa simu anayeuliza ni chipu ambayo mafundi wanaiita Tristar, au U2 kwa jina lake la kwenye bodi.

Kebo ya Apple ina chipu halisi, basi. Hakuna cha kueleza zaidi.

Kebo yenye cheti cha MFi ina chipu halali pia. Mpango huu ulianza mwaka 2005 kwa vifaa vya iPod, na herufi zake zinasimama badala ya maneno "Made for iPhone" na ndugu zake. Kampuni inajiunga, inanunua chipu kupitia njia iliyoidhinishwa, inapeleka bidhaa ipimwe, na ikipita ndipo inaruhusiwa kuweka nembo kwenye boksi. Kwa hiyo, kwa kipimo hiki cha kwanza, kebo ya kampuni nyingine yenye cheti na kebo ya Apple ziko sawa. Simu haimpendelei aliyeandikwa jina la Apple, inasikiliza jibu.

Kebo isiyo na cheti nayo inajibu. Isingejibu isingechaji hata siku ya kwanza. Ila inajibu kwa chipu ya kuiga: mtu amesikiliza mazungumzo ya kebo halali akatengeneza chipu inayorudia majibu yaleyale. Nyingine zinaiga vizuri mno, nyingine zinakariri jibu la swali moja tu.

Hapa ndipo watu wengi wanapoelewa vibaya. Cheti cha MFi kinajibu swali la utambulisho: hii kebo imetoka kwa mtu anayejulikana, ina chipu halali, na muundo wake umepimwa. Hakisemi kwamba itadumu miaka mitatu, wala kwamba shaba yake ni nene kuliko ya jirani. Na kinyume chake pia: kebo inaweza kukosa cheti na bado ikawa na waya mzuri. Simu haipimi unene wa shaba kabla ya kuonyesha ujumbe. Inasikiliza jibu la chipu na kuangalia kama umeme unaingia inavyotakiwa.

Inakuwaje baada ya sasisho

Kebo ya chaji haipati sasisho. Chipu yake itaondoka kiwandani na majibu yake, na itakufa nayo. Kinachobadilika ni muulizaji. Programu mpya inaweza kuuliza kwa namna iliyo kali zaidi, au kuacha kuvumilia jibu lililokuwa linapita. Tangu iOS 7 ya mwaka 2013, simu ilipoanza kuonyesha onyo kwa kebo zisizo na cheti, hadithi imekuwa ileile: kebo ilikuwa nzima jana, leo imekataliwa, na hakuna aliyeigusa.

Ya Apple na ya MFi zinavuka sasisho kwa sababu ileile: muulizaji na mjibu wanafuata kitabu kimoja. Zikikataliwa baada ya sasisho, mimi ningetafuta uchafu, kiguso kilichoungua au waya uliokatika ndani kabla ya kulilaumu sasisho. Sasisho na uchakavu hukutana siku moja kwa bahati mbaya tu, kwa kuwa watu wengi husasisha simu ikiwa kwenye chaji na wanaiangalia kwa makini asubuhi yake.

Isiyo na cheti ni bahati nasibu, na sisemi hivyo kwa dharau. Baadhi zimevuka sasisho nyingi bila shida. Lakini huna namna ya kujua mapema, na aliyekuuzia hana pia. Ujumbe ukishaanza, unaweza kuufunga na kebo ikaendelea kuchaji; kesho yake inaweza kuchaji dakika tano ikaacha. Wengine hufikiria kurudisha programu ya zamani. Haitasaidia kwa muda mrefu, maana Apple huacha kuidhinisha toleo la zamani muda si mrefu baada ya jipya kutoka, na bila idhini hiyo simu haikubali kulisakinisha. Zaidi ya hayo, kuikwepa programu yenye marekebisho ya usalama kwa ajili ya kuinusuru kebo ni biashara mbaya.

Kwenye udhamini kuna jambo dogo la kujua. Kutumia kebo ya kampuni nyingine hakufuti udhamini wa simu kwa lenyewe. Kinachoachwa nje ni uharibifu uliosababishwa na kitu kisichofikia vigezo vya simu. Ukienda na chipu ya U2 iliyoungua na kebo isiyo na nembo mkononi, mazungumzo yatakuwa magumu. Mafundi wanaijua dalili ya U2 iliyoumia: simu inaonyesha alama ya chaji lakini asilimia haipandi, au kila kebo unayoleta inakataliwa, hata mpya. Ukifika hapo, kebo haitakutoa.

Kasi ya chaji na ya data

Hapa tofauti kubwa si nani ametengeneza kebo, bali ncha yake ya pili ikoje. Kebo ya Lightning yenye ncha pana ya zamani, USB-A, inafanya kazi kwa volti 5 na haizidi wati 12 hivi. Yenye ncha ya USB-C ikichomekwa kwenye kichwa cha wati 20 inaruhusu simu kuomba volti 9, na kwa iPhone 8 na kuendelea hilo linaipeleka betri kutoka karibu sifuri hadi asilimia 50 kwa muda wa nusu saa. Kwa hiyo kebo ya Apple ya USB-A itashindwa kasi na kebo ya MFi ya USB-C, na hakuna muujiza hapo.

Kwa miaka ya mwanzo kebo za USB-C kwenda Lightning zilitengenezwa na Apple peke yake. Ni mwaka 2019 ndipo kampuni nyingine zilipoanza kuuza zenye cheti, baada ya kupewa chipu mpya inayoitwa C94. Ukikuta ya kampuni nyingine imeandikwa chaji ya haraka na MFi, ndiyo chipu unayoilipia.

Isiyo na cheti inaweza kuwa na kasi hiyohiyo au isiwe nayo. Nimeona zenye ncha ya USB-C ambazo ndani zinachaji kama zile za zamani. Shida nyingine ni wembamba wa shaba, na hili tulipigie hesabu kidogo. Tuseme waya wa kebo, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.25. Simu ikivuta ampea 2, volti 0.5 inapotea njiani. Chaja inatoa volti 5, simu inapokea 4.5, na wati 1 inaishia kuipasha kebo joto. Simu ikiona volti inashuka, inapunguza mvuto ili isizidi kuizamisha, na chaji inakuwa ya kobe. Ndiyo maana kebo nyembamba ya mita mbili inachaji polepole kuliko ya mita moja ya aina ileile. Ukiishika baada ya dakika ishirini ukakuta ina joto mwili mzima, si kichwani tu, umeshapata jibu.

Kwa data, zote tatu zina dari moja: megabiti 480 kwa sekunde, kasi ya USB 2.0. Kebo ya bei juu haitahamisha picha haraka zaidi. Ila zipo zisizo na cheti ambazo hazina kabisa waya za data. Kujua ni rahisi: ichomeke kwenye kompyuta. Kama simu inachaji lakini haikuulizi "Trust This Computer?" hata baada ya kuifungua, lakini kwa kebo nyingine inakuuliza kwenye kompyuta hiyohiyo, kebo yako ni ya umeme tu.

Kuitambua kabla ya kununua, na uimara wake

Kebo ya Apple ina maandishi kwenye mwili wake, yapata sentimita 18 kutoka ncha ya USB: "Designed by Apple in California", kisha mahali ilipounganishwa, kisha namba ya utambulisho. Maandishi ni mepesi, ya kijivu, na yanahitaji mwanga wa pembeni kuyaona. Viguso vya kichwa ni laini, vimelala sawa na plastiki inayovizunguka. Ya kuiga mara nyingi ina viguso vyenye kingo kali na shingo nene kupita kiasi, kiasi kwamba haiingii simu ikiwa na kava. Uimara wake mimi sitausifu sana. Ganda lake laini huchoka shingoni, hasa kwa anayetumia simu ikiwa kwenye chaji akiwa amelala.

Yenye cheti ina nembo ya "Made for iPhone" kwenye boksi. Tatizo ni kwamba nembo ni mchoro, na mchoro hunakiliwa. Nembo peke yake isikutoshe. Apple ina ukurasa wa kutafuta vifaa vya MFi ambapo unaingiza jina la kampuni au namba ya modeli. Kebo ya kampuni inayojitangaza ina cheti lakini haionekani humo, iweke kando. Angalia pia orodha ya modeli za simu iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu cheti kinatolewa kwa bidhaa husika, si kwa kampuni nzima. Kampuni moja inaweza kuuza kebo mbili, moja ina cheti, nyingine haina. Faida ya kundi hili ni uchaguzi: utapata zilizosukwa nyuzi, zenye urefu wa mita mbili au tatu, zenye shingo iliyoimarishwa. Kwa uimara, kebo nzuri za kundi hili mara nyingi zinaishinda ya Apple, na hapa nasema kwa zile zilizopita mikononi mwangu.

Isiyo na cheti hujitambulisha kwa ukimya. Boksi linasema "inaendana na iPhone" badala ya kutumia maneno ya nembo, au halisemi chochote. Hilo peke yake si udanganyifu. Muuzaji anayesema wazi kwamba haina cheti ni mkweli kuliko aliyechapa nembo bandia. Uimara wake hauna kanuni. Niliyokuwa nayo mimi ilikuwa imesukwa vizuri, shingo ngumu, haikuwahi kukatika. Ilikataliwa ikiwa nzima.

Kama simu yako ni ya USB-C

Kuanzia iPhone 15 ya Septemba 2023, chipu ya MFi haihitajiki kwenye kebo ya chaji. Anayekuuzia kebo ya USB-C kwa kuisifia kwamba ina "MFi ya iPhone 15" anakuuzia maneno. Cheti cha kutafuta huko ni cha USB-IF, chombo kinachosimamia viwango vya USB, na kinajibu swali la uwezo badala ya utambulisho: kebo hii inabeba umeme kiasi gani bila kuungua? Nembo zake za kebo zinaandika wati 60 au wati 240. Kebo ya wati 60 inabeba hadi ampea 3 na inaitosha simu kwa mbali. Inayozidi hapo lazima iwe na chipu ndani inayoiambia chaja uwezo wake, na hiyo unaihitaji zaidi kwa kompyuta.

Kwamba hakuna MFi hakumaanishi kebo yoyote ni salama. Mwaka 2015 mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kupima kebo za USB-C zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni akakuta nyingi za ncha ya USB-A zina kizuizi kisicho sahihi: omu 10,000 mahali panapotakiwa omu 56,000. Kosa hilo linaidanganya simu kwamba inaweza kuvuta ampea 3, hata kama kichwa cha chaja hakiwezi kutoa hizo. Mwaka 2016 kebo moja iliyounganishwa vibaya ndani iliharibu kompyuta yake.

Kwenye simu hizi ujumbe wa kukataa unatokea pia, ila mara nyingi sababu ni nyingine: tundu limelowa au chafu, au umechomeka kitu kinachotaka umeme mwingi kuliko simu inavyoweza kutoa. iPhone ya USB-C hutoa hadi wati 4.5. Diski ya nje yenye njaa kuliko hapo inahitaji umeme wake yenyewe.

Basi uchukue ipi

Kama simu ndiyo kazi yako, inakesha chajini kila siku na huwezi kuamka ukaikuta imezimika, chagua kati ya Apple na MFi, na uamuzi ufanye kwa urefu na shingo ya kebo, si kwa jina. Unayelala na simu mkononi, MFi iliyosukwa itakufaa zaidi. Unayetaka kununua dukani kwa Apple bila kuhangaika kutafuta namba za modeli, chukua ya Apple, ila hakikisha ncha ni ya USB-C.

Kama simu iko kwenye udhamini au unafikiria kuiuza, kaa mbali na isiyo na cheti mpaka hapo. Kama ni simu ya zamani isiyopata tena sasisho, muulizaji hatabadilika. Kebo isiyo na cheti inayofanya kazi leo haina sasisho la kuiogopa, na sababu ya kuiacha ni joto au viguso vilivyoungua tu. Kama akiba ya kuweka kwenye begi nayo inatosha, mradi usiitegemee kwa usiku mzima.

Kama una chaja moja ya ofisini inayotumiwa na kila mtu, nunua yenye cheti. Simu za watu ziko kwenye matoleo tofauti ya programu, na kebo inayokubaliwa na moja itakataliwa na nyingine, halafu utaitwa wewe.

Kama tundu lako limechoka na hata kebo halali inakataliwa, na simu ni iPhone 8 au baada yake, chaji ya kuweka juu bila waya inakwepa Lightning kabisa na ujumbe hautatokea. Ni ya polepole, wati 7.5 kwenye pedi za kawaida za Qi, na haitakusaidia kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta. Itakupa muda wa kumtafuta fundi bila haraka.

Na kama unapanga kuhamia iPhone ya USB-C ndani ya miezi michache, usinunue Lightning ya mita tatu. Tafuta kichwa kizuri cha chaja chenye tundu la USB-C, wati 20 au zaidi, pamoja na kebo fupi ya MFi. Kebo utaiacha na simu ya zamani, kichwa utahama nacho.